Nafasi ya Tarehe Kumi na Nne

Bi Tarehe alikuwa na wivu, na mimi ninayesema hivi nilimpenda. Sisemi wivu wa kupekua simu ya mume akiwa bafuni; huo ni wa wanaoanza. Wake ulikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, sawasawa na ndoa yake, na alikuwa ameutunza vizuri kuliko seti ya vyombo aliyopewa siku ya harusi. Vyombo vile vimebaki sahani tatu. Wivu ulikuwa kamili.

Nilikaa naye chumba kimoja miaka tisa, kwenye ofisi ya viza ya ubalozi mdogo, ghorofa ya pili, nyuma ya kioo kinene ambacho watu huongea nacho kupitia kipaza sauti. Mimi kazi yangu ni alama za vidole. Ninawaambia watu wabonyeze, wasibonyeze sana, wafute jasho, warudie. Yeye kazi yake ilikuwa kalenda ya mahojiano. Jina hilo la Tarehe tulimpa sisi, kwa sababu ukimsalimia asubuhi alikujibu, kisha akakutajia leo ni tarehe ngapi, kama vile wewe umetoka porini.

Kalenda yenyewe ilikuwa mateso. Maofisa wa kuhoji ni wawili tu, na kila mmoja huhoji watu kumi na sita kwa siku. Wanaotaka viza ni wengi kuliko hao mara nyingi, kwa hiyo mtu akilipa leo hupewa miadi ya baada ya miezi mitatu. Mfumo unamruhusu kusogeza tarehe yake mwenyewe mara moja, lakini atasogeza wapi wakati mbele kote kumejaa? Hapo ndipo maombi yanapomfikia Bi Tarehe. Kila wiki watu wachache hughairi, nafasi zao zinarudi, naye anaziweka kando kwa wenye dharura. Dharura si maneno. Ni ushahidi: barua yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe inayogongana na mahojiano, namba ya simu ya kuthibitisha, sahihi na muhuri. Na ombi lifike siku tano za kazi kabla ya miadi. Usipofika kwenye mahojiano bila kusogezwa, umepoteza kila kitu, unaanza upya mwisho wa foleni.

Watu walimletea vituko. Mmoja alileta kadi ya mwaliko wa harusi yake mwenyewe, bibi harusi akiwa hajui kama kuna harusi. Mwingine alileta cheti cha kifo cha shangazi, na shangazi huyo huyo akapokea simu ya kuthibitisha. Bi Tarehe alicheka mpaka machozi, kisha akaandika "ushahidi hautoshi". Alikuwa mwaminifu. Hakuwahi kuuza nafasi hata moja, na walijaribu kumnunua.

Mumewe naye alikuwa mtu wa orodha. Ni karani wa kitengo cha macho katika hospitali kubwa, ndiye anayepanga nani apasuliwe lini. Daktari bingwa huja siku tatu kila baada ya miezi minne, kisha huyo, amekwenda. Kwa hiyo ile nyumba ilikuwa ya watu wawili ambao mchana kutwa wanawaambia wenzao "subiri", na jioni wanakula kimyakimya. Mzee yule hakumpendelea mtu. Hata mkewe mwenyewe, alipopata mtoto wa jicho upande wa kulia, alimwandika kwa siku aliyojiandikisha. Naye Bi Tarehe alichelewa kujiandikisha kwa kuwa alificha. Aliogopa wakubwa wakisikia haoni vizuri watamtoa kwenye kalenda. Akajikuta kwenye orodha ya akiba. Wa kwanza wa akiba, lakini akiba.

"Mume karani wa macho, mke kipofu," aliniambia siku moja, karatasi ikiwa imemgusa pua. "Mdogo wangu, usiolewe na mtu mnyoofu."

Sasa wivu. Kabla ya kumwoa Bi Tarehe, mzee yule alikuwa na mchumba, mwalimu wa kwaya. Mahari ilishapelekwa. Halafu mwalimu akahamishiwa shule ya mbali, barua zikapungua, mambo yakafa yenyewe, hakuna aliyemkosea mwenzake. Hicho ndicho kilichomkata maini Bi Tarehe. "Wangegombana, ningelala," alisema. "Watu ambao hawakugombana hawajaachana." Nyumbani kwake jina la yule mwanamke halikutajwa, aliitwa "yule wa kwaya", na redio ikianza kuimba kwaya mzee mwenyewe alinyanyuka akabadilisha stesheni. Mke alimwona akibadilisha, akakasirika pia kwamba anakumbuka kubadilisha.

Hawakuwahi kukutana, huyu na yule. Bi Tarehe alimjua kwa picha moja ya zamani na kwa jina lake kamili, yote matatu, ambalo alilijua kuliko sala.

Jumatano ya tarehe tano jina hilo lilitokea kwenye kompyuta yake.

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikasogea. Mwombaji: mwalimu mstaafu, miaka hamsini na minane. Sababu ya safari: binti yake yuko ng'ambo, ana mimba ya kwanza, atajifungua kwa upasuaji mwisho wa mwezi ujao, hana mtu wa kumpokelea mtoto. Mahojiano: Ijumaa tarehe kumi na nne. Ombi: kusogezewa siku chache, kwa kuwa tarehe hiyo hiyo anapasuliwa jicho. Kiambatisho: barua ya hospitali, kitengo cha macho. Na chini ya barua, sahihi ambayo Bi Tarehe ameiona kwenye cheti chake cha ndoa.

"Kumbe amerudi mjini," alisema polepole. "Amerudi, anaonana naye, amempa na nafasi ya kisu. Na mimi mkewe nipo akiba."

"Dada, amejiandikisha miezi kumi iliyopita. Tazama hapo, imeandikwa."

"Nimeona. Jicho moja linanitosha kuona hilo."

Hapa lazima nieleze sheria yetu moja. Ikiwa mwombaji ni ndugu yako, au ushahidi umetoka kwa mtu wa nyumbani kwako, huligusi faili. Unamkabidhi mwenzako, unajaza fomu ya mistari mitatu, basi. Mwenzake nilikuwa mimi. Nilinyoosha mkono.

"Nipe faili, dada."

"Kwanza nithibitishe barua. Kuthibitisha si kuamua."

Kuthibitisha kwetu ni kwa simu ya mezani, inarekodiwa, na spika inakuwa wazi ili kuwe na shahidi. Alibonyeza namba iliyo kwenye barua, ingawa aliijua kwa kichwa.

"Kitengo cha macho, habari za asubuhi," ilisema sauti ya mumewe.

"Njema. Napiga kutoka ofisi ya viza, kuthibitisha barua."

"Ni wewe, mama?"

"Simu hii inarekodiwa, bwana. Barua ya tarehe nne, mgonjwa wa mtoto wa jicho. Umeiandika wewe?"

Mzee akajikohoza, akaingia kwenye sauti ya kazi. "Nimeiandika mimi, kwa niaba ya daktari mkuu."

"Upasuaji hauwezi kusogezwa?"

"Hauwezi. Daktari bingwa anaondoka tarehe kumi na tano, hadi miezi minne. Na jicho la pili la mgonjwa lilishakufa."

"Mgonjwa unamfahamu?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Niliinua kichwa.

"Namfahamu," alisema. "Na wewe unamfahamu."

"Asante kwa ushirikiano," akakata.

Kulikuwa na nafasi moja ya dharura mwezi ule, tarehe ishirini na moja. Ingemtosha kabisa yule mwalimu: apasuliwe, apone wiki, ahojiwe, viza itoke wiki mbili baadaye, amkute binti kabla ya kisu. Nafasi nyingine ya kawaida ilikuwa baada ya miezi mitatu, mtoto akiwa tayari anacheka.

Bi Tarehe aliikuza barua kwenye kioo cha kompyuta. "Muhuri huu unasomeka?"

Niliutazama. Wino ulikuwa umefifia ukingoni kidogo, lakini jina la hospitali lilikuwapo, kitengo kilikuwapo, tarehe ilikuwapo. "Unasomeka."

"Kwangu hausomeki."

Akaandika: ushahidi hautoshi, muhuri hausomeki, wasilisha barua yenye muhuri ulio wazi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, vinginevyo miadi inabaki kama ilivyo. Akatuma. Ukiliangalia jibu lile kwa sheria lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ila mimi sikujua jambo moja ambalo yeye alilijua. Usiku uliotangulia mumewe alilalamika mezani kwamba daktari mkuu amesafiri, hatarudi mpaka Jumatatu, na muhuri ameufungia kwenye droo. Kitengo kizima cha macho kisingepiga muhuri mpaka siku hiyo. Alimpa yule mwalimu siku mbili akijua hazina kitu ndani.

Ningeweza kwenda kwa msimamizi pale pale. Sikwenda. Nilijiambia ni mkubwa wangu, amenifundisha kazi, mambo ya wake na waume siyaingilii. Maneno hayo ni mepesi kuyapata pale mtu anapoogopa. Nikarudi kwenye vidole vya watu.

Ijumaa asubuhi dirisha la maulizo huwa wazi kwa saa mbili. Akaja. Nilimjua kabla hajajitaja, kwa jinsi Bi Tarehe alivyokaa wima. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe amezisuka vizuri, hereni ndogo, mwanya. Alitembea mkono mmoja ukiwa mbele kidogo, ukipapasa migongo ya viti. Alipofika kwenye kioo alikiegemea kama watu wanavyofanya kwenye dirisha la basi.

"Samahani, dada, sikuoni vizuri, lakini nakusikia," alisema, na sauti ilikuwa nzuri hata kwenye kile kipaza sauti chetu kibovu. Bi Tarehe aliuma mdomo. Nadhani sauti ndiyo aliyokuwa hajajiandaa nayo.

"Endelea, mama."

"Nimeleta jibu lenu. Hospitali wanasema muhuri ni Jumatatu. Karani wa pale amehangaika, amekwenda hadi nyumbani kwa daktari mkuu, hakuna ufunguo. Mtu mwema sana. Je, mnaweza kunisubiri mpaka Jumatatu?"

"Utaratibu ni siku tano za kazi kabla. Jumatatu zitakuwa zimepita."

"Hakuna nafasi nyingine yoyote?"

"Kuna moja, kwa mwenye ushahidi kamili tu."

Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Mwalimu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuwatuliza watoto wanapokosea wimbo ili waanze tena.

"Basi isiwe taabu. Nitakuja tarehe kumi na nne. Jicho nitawapigia wampe mwingine. Binti yangu hana mtu, na mtoto hasubiri daktari. Huyo mjukuu nitamwona kwa vidole." Akainua vidole vyake kumi mbele ya kioo, akavichezesha. "Asante kwa uvumilivu, dada yangu. Kazi yenu ni ngumu."

Akageuka, akatafuta kiti cha kwanza kwa mkono. Nilimtazama mwenzangu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hadi leo sijui ni aibu au hasira.

"Umemsikia?" alinong'ona. "Mtu mwema sana. Amekwenda hadi nyumbani kwa daktari. Mimi nikiumwa jino ananiambia kunywa maji ya chumvi."

Yaliyotokea jioni ile aliniambia mwenyewe Jumatatu, saa moja asubuhi, tumesimama kwenye ngazi ofisi haijafunguliwa. Hakuniangalia alipokuwa akisimulia.

Mzee alirudi nyumbani akiwa amechoka. Hakuvua koti. Aliketi mezani akatoa kadi ya hospitali mfukoni, akaiweka mbele yake, upande ulioandikwa ukiwa juu. Jina lilikuwa la Bi Tarehe. Tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, jicho la kulia.

"Kuna mgonjwa anaachia nafasi," alisema mzee. "Wa kwanza wa akiba ni wewe. Orodha ni orodha."

Bi Tarehe alisema moyo uliruka. Hilo hakunificha, na ndilo linalonifanya nimwamini mengine. Uliruka kwa furaha. Kwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na moja yule wa kwaya ametolewa na yeye ameingizwa, na imeandikwa kwa mkono wa mume.

Kisha mzee akasema, "Kadi hizi nilizipiga muhuri Jumanne, muda ule ule nilipopiga ile barua. Muhuri mmoja, wino mmoja. Isome."

Hakuisoma.

"Isome, mama. Unasomeka?"

Aliisogeza kadi mpaka puani. Wino ulikuwa umefifia ukingoni. Jina la hospitali lilikuwapo, kitengo kilikuwapo, tarehe ilikuwapo. Aliyasoma yote kwa sauti kwa lile jicho bovu, neno kwa neno, kwa sababu mzee alikuwa akimsubiri kama anavyowasubiri wagonjwa mbele ya ubao wa herufi.

"Unasomeka," alisema.

"Jina lake sijalifuta. Kufuta ni mpaka aje mwenyewe atie sahihi Jumatatu saa nne." Akavua koti sasa. "Sikumpa kitu ambacho si chake. Wala wewe sikukunyima. Niliogopa tu kukwambia amerudi, na hapo nimekosa."

"Unampenda?" Bi Tarehe alimuuliza. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuuliza.

Mzee alifikiri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi kuliko yote, kwamba alifikiri. "Ninamheshimu," alisema mwishowe. "Na wewe ninakupenda, lakini leo sikuheshimu."

Hawakusemeshana Jumamosi wala Jumapili.

"Sasa?" nilimuuliza pale kwenye ngazi.

"Sasa mzee amerudi na kadi yake kazini. Nimemrudishia. Mimi naingia kwa msimamizi. Ile nafasi ya ishirini na moja inafunguliwa kwa umma saa tatu, nina saa mbili." Alijifunga mtandio vizuri. "Usinisindikize. Na usifikiri nimekuwa malaika. Yule mwanamke simpendi. Ila sitaki kumwona mume wangu kwa jicho la mtu mwingine."

Alikaa kwa msimamizi dakika arobaini. Alijaza ile fomu ya mistari mitatu ambayo alitakiwa kuijaza Jumatano. Msimamizi aliliita faili, akaiona barua, akauona muhuri, akaandika kwamba kosa ni la ofisi na siku tano hazihesabiwi. Mimi ndiye niliyempigia mwalimu simu kumwambia amesogezwa tarehe ishirini na moja, saa mbili na nusu, na kwamba jicho lake alishikilie. Aliniuliza kama natania. Nami niliandika maelezo yangu kwa nini nilijua nikakaa kimya. Nilipewa onyo. Bi Tarehe aliondolewa kwenye kalenda baada ya miaka ishirini na miwili, akashushwa langoni, kwenye kile kibanda cha kupokea simu na mikoba ya watu wanaoingia. Wengine walisema angefukuzwa. Mimi nasema kwa aliyewahi kukaa kwenye kalenda, kibanda ni kufukuzwa kila siku.

Tarehe ishirini na moja nilishuka mapema kumpelekea chai, kwa sababu nilijua nani anakuja. Alikuwa amekaa kwenye stuli, kikapu cha vibandiko vya namba mapajani, jicho lake la kulia jeupe kama ukungu wa asubuhi. Daktari bingwa alishaondoka. Alikuwa anasubiri miezi minne.

Mwalimu aliingia amevaa miwani myeusi. Aliivua langoni kwa ajili ya walinzi. Mkono wake haukupapasa kitu. Alimpa Bi Tarehe mkoba, simu, na mwavuli, akapokea namba, akaisoma mwenyewe kwa sauti, "Kumi na saba!" kama mtoto aliyejifunza kuhesabu. Kisha akainama kidogo, akamtazama Bi Tarehe usoni. Alimtazama sana, kwa raha ya mtu anayetazama kila kitu siku hizi.

"Jamani, dada," alisema, "jicho lako hilo. Ndivyo langu lilivyokuwa. Usilikalie. Nenda kitengo cha macho, kuna karani pale, mzee mmoja mtaratibu, hapendelei lakini anahangaikia mtu. Mwambie nimekutuma mimi. Atakuandika."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Bi Tarehe aliuweka mkoba kwenye rafu, akaupangilia vizuri na mwavuli, akachelewa kugeuka.

"Nimeshaandikwa, mwalimu," alisema. "Nenda, watakuita. Usichelewe."